Saa ngapi, kilo ngapi, bei gani: kapsheni ya mkaa wa vitonge

Habari zenu. Nimeombwa nizungumzie kitu kidogo: yale maneno mnayoyaweka chini ya picha mnapotangaza mkaa wa vitonge. Jana usiku nilizipitia kapsheni zenu, na karibu zote zinasema, "Mkaa bora, unawaka muda mrefu, hauna moshi, bei nafuu, karibuni." Msomaji akimaliza hapo bado hajui lolote. Muda mrefu kuliko nini? Nafuu kwa kilo ngapi?

Tuanze na huo muda mrefu, maana ndio mnaouza. Kitonge kinakaa motoni kuliko mkaa wa magogo kwa sababu kimeshindiliwa. Hewa haipenyi ndani upesi, kwa hiyo kinaliwa polepole kutoka nje. Hiyo ni sababu nzuri. Ipo na sababu mbaya: udongo. Vumbi la mkaa linalozolewa chini huja na mchanga wake, na wengine tunaongeza udongo kama gundi ili tupunguze unga wa muhogo. Kitonge cha namna hiyo nacho kinakaa muda mrefu, lakini kimekaa tu. Sufuria haichemki. Mteja wa hivyo hununua mara moja, na kapsheni yako inayofuata haisomi tena.

Utajuaje chako ni kipi? Choma kilo 1 hadi iishe, acha ipoe kabisa, pima majivu. Ukipata gramu 300, basi karibu theluthi ya ulichouza haikuwa kuni wala mkaa. Mkaa wa magogo uliochomwa vizuri huacha majivu machache mno ukilinganisha na hapo. Dawa ni kuchekecha vumbi kabla ya kuchanganya, na kutumia wanga kiasi kidogo tu, kinachotosha kushika.

Sasa jaribio lenyewe. Chukua majiko 2 yanayofanana na sufuria 2 zinazofanana zenye vifuniko, lita 3 za maji kila moja. Jiko moja weka kilo 1 ya mkaa wa magogo, la pili kilo 1 ya vitonge. Pima kwa mizani, usikisie kwa kopo. Matundu ya hewa yafunguliwe sawasawa. Andika nyakati mbili: maji yalipoanza kuchemka, na yalipoacha kutokota. Maji yakipungua, ongeza kiasi kilekile kwa sufuria zote mbili. Usingoje kaa la mwisho lizimike ndipo usimamishe saa. Kaa linalong'aa bila kutokosesha maji halimsaidii mtu, na hapo ndipo wengi wanapojiongezea saa nzima ya bure.

Tuseme mkaa wa magogo umechemsha kwa dakika 15 na kuacha kutokosesha baada ya saa 1 na nusu. Vitonge vimechemsha kwa dakika 25, na katika mizunguko mitatu vimefika saa 2 na dakika 40, saa 2 na dakika 50, na saa 2 na nusu. Kwenye kapsheni andika ile ndogo, saa 2 na nusu. Mteja akipata zaidi atakusifia mwenyewe. Na zile dakika 25 msizifiche. Vitonge hukawia kushika, hilo kila aliyevitumia analijua, na mnunuzi mpya asipoambiwa atapepea jiko, ataona hakuna kitu, atasema ni vibovu. Mwambie aanze na vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini.

Kuhusu "hauna moshi", niwaombe kitu. Hata mkaa usio na moshi unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, na huua watu waliolala na jiko chumbani. Ukiandika hauna moshi bila kusema pafunguliwe dirisha, kuna atakayekuelewa vibaya.

Tuje kwenye magunia. Mkaa wa magogo tumezoea kuuza kwa ujazo: gunia limejaa, limefungwa, basi. Vitonge ni vizito kwa nafasi ileile, kwa hiyo gunia lako la kilo 25 linaonekana dogo likisimama kando ya gunia la mkaa, na mteja anahisi amepunjwa. Kwa hiyo andika kilo, na piga picha gunia likiwa juu ya mizani, namba ionekane. Picha hiyo inamaliza ubishi kuliko sentensi tatu.

Lakini kilo hizo ziwe kavu. Ukifunga gunia la kilo 25 lenye maji asilimia 15, likikaukia dukani hadi asilimia 8 litapimwa kilo 23 na kidogo. Hukumwibia mtu kwa makusudi, ila nani atakuamini? Kabla ya kufunga, pima vitonge kumi, vianike juani siku moja, vipime tena. Vikipungua, bado. Wapo wanaogonga viwili wasikilize mlio, nami nagonga, lakini mizani ndiyo ninayoiamini.

Bei nitazitaja kwa namba tupu, kila mmoja ataweka fedha yake. Kilo 5 kwa 500. Kilo 10 kwa 960. Gunia la kilo 25 kwa 2,300. Kwa kilo moja hiyo ni 100, kisha 96, kisha 92. Inashuka kadiri mfuko unavyokua. Niliona kapsheni moja humu kilo 5 ni 470 na kilo 10 ni 960. Mnaona? Viroba 2 vya kilo 5 ni 940. Hakuna atakayenunua kile kikubwa, na wewe ndiye uliyelipia mifuko miwili badala ya mmoja.

Bei ya jumla msomaji wake ni mwenye duka, na yeye anapiga hesabu nyingine. Tuseme unampa gunia kwa 2,100 akichukua magunia 20. Akiuza kwa kilo, 100 kila moja, anatarajia 2,500, yaani 400 ya kwake. Ila gunia limerushwa kwenye gari, kilo 1 imesagika chenga. Anauza kilo 24, anapata 2,400, na ile 400 imekuwa 300. Hajalipa nauli bado. Robo ya faida yake imeliwa na kitonge laini, kwa hiyo dondosha vitonge vyako sakafuni kutoka urefu wa mita 1 kabla hujamtangazia mtu wa jumla. Na useme wazi jumla inaanzia magunia mangapi na nauli ni ya nani. "Bei ya jumla ipo, njoo inboksi" inamfukuza mtu huyu. Yeye analinganisha wauzaji watano kwa wakati mmoja na hana muda wa kukubembeleza.

Kwa hiyo yangu ingesomeka hivi, chini ya picha ya gunia kwenye mizani:

"Mkaa wa vitonge, mkavu. Kilo 1 huchemsha lita 3 na kutokosesha, saa 2 na nusu kwa jumla. Hukawia kushika: anza na vipande vichache vya mkaa wa kawaida. Kilo 5: 500. Kilo 10: 960. Gunia kilo 25: 2,300. Jumla, magunia 20 na zaidi: 2,100 kila gunia, nauli ya mnunuzi. Chenga zikizidi kilo 1 kwa gunia, tunabadilisha. Tumia penye hewa."

Hiyo ya chenga niliiongeza baada ya kufanya ile hesabu ya mwenye duka. Haya, nani ameleta vitonge vyake? Tuvidondoshe.