Nyumba Ina Jina la Mume, Pesa Zilitoka kwa Mke

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanaume mliokubali kuja, asanteni. Swali ninaloulizwa zaidi hapa Nairobi ni hili: "Wakili, hatimiliki ina jina la mzee peke yake. Mimi nina haki gani?"

Haki unayo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 14, inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikaandikwa kwa jina la mmoja, huchukuliwa kwamba ameishika kwa dhamana, kwa niaba ya mwenzake. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Na kifungu cha 7 kinasema ndoa ikivunjika, mali inagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. Wengi walidhani Katiba, kwa kutaja haki sawa katika ndoa, iliwapa nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilikataa tafsiri hiyo Januari 2023: nusu haitolewi bure, mchango lazima uthibitishwe. Katika kesi hiyohiyo mke alipata nusu, kwa sababu mchango wake ulionekana.

Basi tuchukue mfano, nimeutunga ili tuuone vizuri. Mwalimu na mumewe wananunua nyumba Donholm kwa shilingi milioni 6. Mwalimu anakopa milioni 1.8 kwenye chama chake cha akiba na mikopo, anaziweka katika akaunti ya mume, na mume anamlipa muuzaji. Milioni 4.2 zilizobaki ni mkopo wa benki, unaokatwa kwenye mshahara wa mume. Mwalimu analipa karo, chakula na mshahara wa dada wa nyumbani. Miaka kumi baadaye wanaachana, na mume anasema: "Nyumba nililipa mimi, stakabadhi zote zina jina langu."

Hapo ndipo kesi nyingi hulegea. Mke anakuja na stetimenti yake inayoonyesha milioni 1.8 zimetoka, anadhani amemaliza. Hajamaliza. Mume atasema zilikuwa za biashara, au zawadi. Pesa zimefuatwa hadi mlangoni mwa akaunti yake tu, na hakuna anayejua zilikwenda wapi baada ya hapo. Kwa hiyo unga mnyororo. Omba chama chako nakala ya fomu ya mkopo, kwa sababu ina mahali pa kuandika sababu ya kukopa. Ikiwa uliandika "kununua nyumba", umeshika kitu kizito. Kisha weka tarehe pamoja: siku mkopo ulipoingia kwako, siku ulipomtumia, siku alipomlipa muuzaji, na tarehe ya mkataba wa mauziano. Akaunti ya mume huwezi kuifungua mwenyewe, lakini wakili wako anaweza kuomba mahakama imwamuru aitoe stetimenti yake. Usichelewe na hili, kwa maana benki hazihifadhi kumbukumbu milele. Mwisho, hati zako za mshahara zitaonyesha ni nani aliyeulipa ule mkopo wa chama mwezi baada ya mwezi.

Sasa ile miaka kumi ya karo na chakula. Wanawake wengi huiacha nje, nami husikitika sana. Mshahara wa mume ungetosha vipi kulipa benki kama angekuwa pia analipa shule? Onyesha hivyo kwa stakabadhi za karo na stetimenti za M-Pesa. Zaidi ya hapo, sheria inatambua mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia mali ya familia. Lakini sema ulifanya nini, kwa muda gani, na ulete shahidi. "Nilikuwa mke mwema" pekee hakumpi hakimu kitu cha kupima.

Je, mwalimu wetu atapata asilimia ngapi? Ile milioni 1.8 yake ni asilimia 30 ya bei, na hapo ndipo pa kuanzia tu. Jaji haongezi namba kama mhasibu. Anaangalia yote, na mchango wa nyumbani unaweza kumpandisha mwalimu hadi nusu, au karibu na hapo.

Tahadhari moja ya vitendo. Ujumbe wa WhatsApp ambapo mume anasema "zile za nyumba zimefika" ni ushahidi mzuri, lakini picha ya skrini ikipelekwa bila cheti cha ushahidi wa kielektroniki, wakili wa upande wa pili ataipinga. Usiifute simu hiyo, wala usiiuze.

Na kabla ya kwenda mahakamani, fanya upekuzi wa ardhi ujue jina lililoko sasa. Sheria hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, lakini ukiona dalili za kuuzwa, weka zuio kwa msajili wa ardhi kwanza. Kisha wakili wako afungue shauri la mali mahakamani, tofauti na lile la talaka.