Funza miguuni: kutibu bila kuchokoa, na kuifunga sakafu ya udongo

Karibuni. Leo tuna mguu wa mtoto wa miaka minane, na chumba anacholala, mita 3 kwa mita 3, sakafu ya udongo wa kichanga kama ilivyo nyumba nyingi za bara ya Kwale na Kilifi. Tutashughulikia vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu mguu ukitibiwa halafu ukarudishwa kwenye sakafu ileile, funza watarudi ndani ya wiki chache.

Funza huyu, ambaye wengine wanamwita tekenya, ni kiroboto mdogo wa milimita 1 hivi. Si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa kutoka Brazili mwaka 1872 na meli iliyotia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na kutoka hapo akasambaa hadi pwani yetu. Jike ndiye anayejichimbia. Huingiza kichwa na mwili wote kwenye ngozi, akaacha nje ncha ya nyuma peke yake. Kwa ncha hiyo anapumua, anatoa choo na anataga mayai. Kumbukeni ncha hiyo, maana dawa tutakayotumia inamuulia pale.

Sasa sogeza kamera karibu na kidole gumba. Hapa pembeni mwa ukucha mnaona duara jeupe lenye kitone cheusi katikati. Huyo yu hai, amevimba kwa mayai, na anaweza kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Ukitazama vizuri utaona uzi mwembamba wa kahawia ukitoka kwenye kitone na kutambaa kwenye mistari ya ngozi: hicho ni choo chake. Pale kisiginoni kuna alama nyingine, nyeusi tupu, kavu kama gamba. Huyo ameshakufa. Kwa kawaida hufa mwenyewe wiki ya nne au ya tano, na ngozi humsukuma nje. Kwa hiyo usihangaike na mabaka makavu. Hesabu wale walio hai. Zungushia kila mmoja duara kwa kalamu ya wino, upige picha. Picha hiyo tutaihitaji baada ya siku saba.

Kabla ya dawa, tuseme kuhusu sindano na pini. Kuchokoa ndiko kunakoleta madhara makubwa. Funza aliyevimba akipasuka ndani, vipande vinavyobaki huleta usaha. Sindano moja ikipita miguu ya watoto watano hubeba damu ya mmoja kwa mwingine, na pamoja nayo virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Kisha kile kitundu kilicho wazi kinakanyaga udongo, na udongo una vijidudu vya pepopunda. Akiwa funza mmoja au wawili, mhudumu wa afya anaweza kumtoa mzima kwa sindano safi, ya mtu mmoja, na kufunga kidonda. Wakiwa kumi na tano kama hapa, hapana. Na tafadhali sana, msipake mafuta ya taa, petroli, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ngozi iliyojaa vitundu hunyonya sumu upesi, na mtoto ana mwili mdogo.

Dawa tunayoitumia ni dimetikoni nyepesi, ile ya majimaji inayouzwa pia kwa chawa wa kichwani. Haina sumu ya kuua wadudu. Inateleza hadi kwenye ile ncha, inaziba, na funza anakosa hewa. Kwa hiyo wala haihitaji kumtoboa wala kumgusa. Angalia lebo iseme dimetikoni; mafuta mazito ya silikoni hayapenyi.

Osha miguu yote miwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua taratibu kwa kitambaa laini mpaka matope yatoke kati ya vidole na chini ya kucha. Kausha vizuri. Watu wengi huharibu hapa: mguu ukiwa bado na maji au vumbi, dawa haifiki kwenye ncha. Mguu ukishakauka, vaa glavu, paka dawa unyayo mzima, kati ya vidole, kuzunguka kucha na juu hadi kifundoni, mpaka ngozi ing'ae. Subiri dakika 10, paka tena. Subiri, paka mara ya tatu. Wakati wote huo mtoto akae mbali na jiko na kibatari, kwa sababu dawa hii inashika moto. Baadaye avae soksi safi au aketi juu ya mkeka uliokung'utwa, asikanyage chini.

Kama dimetikoni haipatikani, vituo vingi hutumia pamanganeti ya potasiamu, yale maji ya zambarau. Kipimo ni gramu 1 kwa lita 2 za maji, na miguu inaloweka dakika 15. Gramu 1 usiikisie kwa jicho. Mwombe mwuza dawa akupimie kwenye karatasi. Koroga mpaka kusibaki chembe hata moja, na ikibidi chuja kwa kitambaa, kwa kuwa chembe isiyoyeyuka inaunguza ngozi. Yasinywewe, na beseni lisiachwe mbele ya watoto. Maji haya yanasafisha vidonda vizuri, lakini kwa kuua funza ni dhaifu. Katika utafiti uliofanyika Kenya kwa watoto wa shule, siku ya saba funza 78 kati ya 100 waliopakwa dimetikoni walikuwa hawana dalili ya uhai, na kwa maji ya zambarau walikuwa 39. Ndiyo maana kuloweka hurudiwa, kwa ratiba ya kituo.

Siku ya saba tunarudi na ile picha. Kitone kilichokauka, kisicho na uzi wa choo wala unyevunyevu, kimekufa. Kikiwa bado kinatoa maji au mayai meupe madogo, paka tena dawa mara tatu kama mwanzo. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona usaha unaongezeka, mguu umevimba na kuwa moto, mistari myekundu inapanda, au homa. Taya likikaza ni dharura. Mwenye kisukari, au aliyepoteza hisia miguuni kwa ukoma, asitibiwe nyumbani hata kidogo, kwa sababu hasikii maumivu ya kumwonya. Na muulize mhudumu kama chanjo ya pepopunda ya mtoto imekamilika.

Twende chumbani. Mayai yanaanguka chini, yanaangua baada ya siku tatu au nne, na mabuu yanaishi kwenye sentimita chache za juu za udongo mkavu, yakila uchafu na vumbi. Kisha hujifunga kwenye vifuko na kutoka wakubwa, wiki tatu au nne tangu yai. Udongo wa chini ya kitanda na pale watoto wanapolala ndio wenye wengi, kwa sababu funza aliye mguuni anataga usiku kucha mahali hapohapo.

Kwa leo, kama huna saruji, nyunyizia maji kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, sogeza kitanda, fagia hadi kwenye kona, na takataka uzitumbukize chooni badala ya kuzitupa uani. Kusiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kunasaidia siku kadhaa, mpaka nyufa zinapofunguka. Dawa ya kupulizia iachie afisa afya: mabuu hufa, lakini walio ndani ya vifuko wanaweza kupona wakatoka baadaye.

Suluhisho la kudumu ni kuifunga sakafu, na si lazima iwe ya zege. Udongo uliochanganywa na saruji kidogo unatosha. Kwa chumba chetu, tabaka la sentimita 5 linahitaji madebe 30 ya udongo wa kichanga na madebe mawili na nusu ya saruji. Nunua mifuko 2 ya kilo 50. Itabaki kama debe moja la kumalizia juu.

Udongo kwanza upimwe. Jaza chupa hadi theluthi, ongeza maji, tikisa, iache siku nzima. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa zaidi ya nusu na mfinyanzi usizidi theluthi, udongo unafaa. Udongo mweusi wa mbuga unapasuka, na mchanga wa ufukweni una chumvi. Yote miwili iacheni.

Chimba sentimita 10 za juu za sakafu ya zamani uzifukie shimoni, maana humo ndimo walimo. Shindilia chini, nyunyizia maji. Changanya madebe 6 ya udongo uliochekechwa na nusu debe la saruji, vikiwa vikavu, mpaka rangi iwe moja, kisha maji kidogo kidogo. Finyanga donge, lidondoshe kutoka begani. Likivunjika vipande vinne au vitano, limefaa. Likisambaratika, maji ni machache. Likibaki bonge moja, yamezidi na sakafu itapasuka. Fanya michanganyo mitano, kila mmoja uishe ndani ya saa moja. Mwaga, sawazisha kwa ubao, shindilia mpaka kishindilio kilie mlio wa kitu kigumu. Kwenye ukuta upandishe kidogo uzibe kona, kwani ufa wa pale huwa maficho yao mapya.

Siku hiyohiyo, tabaka likiwa bado bichi, paka juu plasta ya debe moja la saruji na matatu ya mchanga laini, chini kidogo ya sentimita 1. Kisha funika kwa magunia mabichi na umwagilie asubuhi na jioni siku saba, watu wakilala kwingine. Sakafu nyingi zinazogeuka vumbi baada ya miezi miwili hukosa hizi siku saba. Mwishoni kwaruza kwa msumari: ukiacha mstari mwembamba tu, imeshika.

Mtibu kila mtu wa nyumba hiyo wiki hiyohiyo, na umtazame mbwa kati ya vidole vya miguu. Halafu kagua miguu ya mtoto kila Jumapili, kwa wiki sita. Kitone kipya kikitokea ilhali chumba ni kigumu, basi uliza anapokaa mchana: jikoni kwenye majivu, banda la mbuzi, au darasa lenye sakafu ya udongo. Panyeshwe maji na kufagiwa kila siku mpaka nako kufungwe.