Maziwa ya mlangoni: Maina na Meja mbele ya msomaji

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeulizwa kama riwaya za uhalifu wa mjini zinatutaka tumhurumie mhasla au tumhukumu. Nitajibu kwa kitabu kimoja tu, kile ambacho kila nikikirudia kinanivuruga: Kill Me Quick cha Meja Mwangi, kilichotoka mwaka 1973. Jina hilo, kwa asiyekifahamu, halina habari ya bunduki. Ni jina la pombe haramu ya vichochoroni, ile inayomaliza wanywaji wake.

Wahusika wake wakuu, vijana Maina na Meja, wamesoma sekondari, vyeti wanavyo, wakaja Nairobi kutafuta kazi za ofisini. Tunapokutana nao wanachokora. Sisi neno chokora tunalirusha kama tusi, tukasahau kwamba limetokana na kitenzi, kazi ya mkono: kuingiza mkono kwenye pipa la taka, kupekua, kupapasa, kutenganisha kilichooza na kinacholika. Mwandishi anakaa hapo muda mrefu. Kabla hujaona wizi wowote umeshaonja chakula chao na kusikia harufu ya nguo zao. Nadhani amepanga hivyo makusudi. Ukishakula na mtu pipani, huwezi tena kumtazama kwa jicho la hakimu.

Kumbukeni pia wakati wenyewe. Uhuru ulikuwa na miaka kumi. Mwaka 1972, yaani mwaka mmoja kabla ya kitabu, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ndiyo iliyoeneza msemo "sekta isiyo rasmi". Wataalamu walikuwa wakiwatafutia jina watu hawa wakati Mwangi anawatafutia sura.

Sasa twende kwenye maziwa, maana hapo ndipo pananinasa. Maina anaangukia kwenye genge la mtaa wa mabanda, kiongozi wao anaitwa Razor. Maina anabuni biashara: maziwa yaliyoachwa milangoni pa watu alfajiri anayaokota, kisha anayauza kwa watu wengine. Mtaji sufuri! Ukisoma unacheka, na mimi nimecheka kila mara. Kijana ana akili ya biashara, anajua soko, anajua saa ya kuamka. Angekuwa na duka tungemwita mchapakazi. Kicheko hicho ndicho kinachotutia kwenye genge bila kujijua.

Lakini hebu tusimame mlangoni kidogo. Mtu ameamka, amefungua mlango, maziwa hayapo, mtoto analia. Huyo mtu kitabuni hana jina wala sauti. Wanaoibiwa karibu wote ni hivyo, vivuli vya kukimbizana navyo. Huruma ya Mwangi ni kubwa ila ni nyembamba, inatosha vijana wawili. Hata Sara, mwanamke aliye na Razor, anapita tu pembeni. Hili silisemi kumshusha mwandishi. Nasema kwamba huruma hiyo imelipiwa, na waliolipa hawakuulizwa.

Mlinganishe na My Life in Crime cha John Kiriamiti, cha 1984. Kiriamiti alifungwa kwa ujambazi, na msimulizi wake, Jack Zollo, anajivunia ufundi wake. Haombi huruma yako. Anataka umstaajabie, na kusema kweli wengi wetu tulimstaajabia tulipokuwa shule. Pale swali letu la leo halina hata pa kukaa.

Kwa Mwangi tukio lisilonitoka halina uhalifu hata kidogo. Meja, baada ya kugongwa na gari mjini na kulazwa hospitalini, anashika njia ya kwao. Anafika karibu kabisa, anakutana na mdogo wake wa kike. Nyumbani wanamsubiri aliyesomeshwa arudi na kitu, naye hana kitu. Anageuka, hafiki kwa mama wala kwa baba, anaenda kupasua mawe machimboni. Sijaona hukumu kali zaidi ya hiyo kitabuni, na aliyeitoa ni Meja mwenyewe, juu ya Meja. Polisi hawakuhusika.

Mwishoni Maina anashtakiwa kwa mauaji. Jambo hilo linatufikia kwa maneno tu, Meja akiwa gerezani ambako ameshazoea kuingia na kutoka. Mwandishi aliyetuonyesha hadi kilichomo ndani ya pipa hatuonyeshi damu hiyo. Kwa nini? Wapo wanaosema ni staha. Mimi naona ni woga wa kiufundi: angetusimamisha pale, karibu na maiti kama alivyotusimamisha karibu na pipa, sidhani kama tungeendelea kumshika Maina mkono. Alilijua hilo, akafunga mlango.

Namwona mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja maziwa. Karibu, mama. Nadhani wewe ndiye mwenye mlango.