Mkono Usio na Mwenyewe: Kumkata Mtu Aliyebaki Nusu Pembeni mwa Picha

Ndugu wapiga picha wenzangu, mabibi na mabwana,

Picha mnayoiona ukutani niliipiga saa 11 jioni katika Mji Mkongwe wa Unguja, mbele ya baraza ambapo wazee watatu wameketi wakinywa kahawa. Muuza kahawa amesimama upande wa kulia akiwaelekea, mkono mmoja umeshika dele na mwingine umeshika kikombe, na kahawa inashuka kama uzi mwembamba unaong'aa kwa jua. Uzi huo ndio ulionifanya nibonyeze. Sasa tazameni ukingo wa kulia. Umeingia mkono wa mpita njia, kuanzia kiwiko hadi vidole, wenye saa ya kung'aa, na chini yake umeingia mguu uliovaa kubazi. Mwenye mkono na mguu huo hayumo katika picha. Mtazamaji anauona mkono, anamtafuta mwenyewe, hampati, na akirudi kwenye kahawa tayari umakini wake umevunjika.

Nitazungumzia namna ya kuukata ukingo huo hata kisibaki kidole wala kivuli, na nitaifuata picha hii moja hatua kwa hatua, kwa sababu ugumu wa kazi hii hauonekani mpaka mtu awe na vipimo mbele yake.

Kwanza tuulize kiungo kama hiki huingiaje. Mara nyingi mpiga picha hukitazama kile anachokitaka na kuzisahau pembe, na hivyo ndivyo ilivyonitokea siku hiyo. Ipo pia sababu ya kifaa. Kamera nyingi za bei nafuu zinazotumia kioo cha ndani huonyesha katika tundu la kutazamia takribani asilimia 95 tu ya upana na ya urefu wa picha itakayopatikana. Kwa picha yenye upana wa pikseli 6,000, hizo ni kama pikseli 150 kila upande ambazo jicho halikuziona kabisa. Ncha za vidole na pua za viatu hupenda kukaa katika ukanda huo mwembamba, na ndiyo maana mtu huapa kwamba hakuwaona watu hao wakati wa kupiga, naye anasema kweli.

Kabla ya kukata chochote, inyoosheni picha. Nawaomba mlizingatie hili, kwa kuwa wengi hukata kwanza na kunyoosha baadaye, kisha wanastaajabu. Ukizungusha picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 kwa nyuzi 2 tu na ukataka uwiano wake ubaki uleule wa 3 kwa 2, programu hulazimika kupunguza upana hadi kama pikseli 5,700 ili pembe tupu zisionekane. Huenda kiungo kilichokusumbua kikaondoka chenyewe katika hatua hiyo. Huenda pia, ukiwa umeshakata kwa uangalifu mkubwa, kunyoosha baadaye kukaula mwanya uliouacha pembeni mwa mhusika wako. Picha yangu hii ilikuwa imenyooka, kwa hiyo vipimo nitakavyotaja ni vya picha nzima, pikseli 6,000 kwa 4,000.

Tuvisome basi. Kutoka ukingo wa kushoto, kiwiko cha muuza kahawa kinaishia kwenye pikseli ya 4,900. Vidole vya mpita njia vinafika pikseli ya 5,480, lakini pua ya kubazi lake imeingia ndani zaidi, hadi 5,310. Mstari wa kukata unatafutwa kati ya kiwiko cha mhusika na kile kilichoingia ndani kupita vyote, hata kama ni kitu kidogo kuliko vingine. Kosa la kawaida hapa ni kuuangalia mkono pekee, kwa kuwa ndio mkubwa na una saa inayomeremeta, ukakata kwenye 5,450 na kuacha vidole vitatu vya mguu vikichungulia pembeni. Vidole hivyo vikibaki peke yake huvuta jicho kuliko ulivyovuta mguu mzima, kwa sababu mtazamaji hatambui mara moja ni kitu gani.

Nilikata kwenye 5,260, yaani pikseli 50 ndani zaidi ya pua ya kubazi. Mtu anayetembea huacha ukungu mwembamba mbele ya mguu wake, hasa jioni ambapo kamera hufunguka kwa muda mrefu kidogo, na ukungu huo huonekana kama doa ukikata palepale kubazi linapoishia. Baina ya kiwiko na ukingo mpya zikabaki pikseli 360, nafasi inayotosha kumwacha muuza kahawa asimame bila kubanwa. Alinisaidia kwa kuelekea kushoto, waliko wazee. Laiti angekuwa anatazama kulia, kukata mbele ya uso wake kungemfanya aonekane amesukumwa ukutani, na ningelazimika kupunguza upande wa kushoto pia au kuibadili picha iwe ya mraba.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuishia kwa miaka mingi. Tazameni chini. Jua limeshuka, na kivuli cha mpita njia kimelala ardhini kuelekea kwetu, mapaja mawili marefu meusi yanayofika hadi pikseli ya 4,700 kutoka kushoto. Tumemwondoa mtu, miguu ya kivuli chake imebaki. Kivuli hakiwezi kuondolewa kutoka kulia, maana mstari ungepita ndani ya mkono wa muuza kahawa. Ilibidi nitazame upande mwingine. Kutoka ukingo wa juu, kivuli kinaanza kwenye pikseli ya 3,600, na miguu ya muuza kahawa inaishia 3,400. Basi kivuli kinaondoka kwa kukatwa chini. Uwiano wa 3 kwa 2 kwa upana wa 5,260 unataka kimo cha 3,507, kipimo ambacho kinaangukia kati ya miguu yake na kivuli kile, na kinamwachia pikseli 107 za ardhi chini ya visigino. Kivuli cha muuza kahawa mwenyewe nacho kimekatwa na ukingo huo wa chini, lakini hakimsumbui mtu, kwa sababu mwenye kivuli yumo.

Picha iliyobaki ni zaidi ya robo tatu ya ile ya awali. Ikichapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi inapata upana wa sentimita 44 na ushei, ukubwa unaotosha kutundikwa ukutani. Ingekuwa kukata kumenibakishia nusu ya upana, pikseli 3,000, ningepata sentimita 25 tu, na hapo mtu huanza kujiuliza kama picha ile ingestahili.

Mtaniuliza kuhusu mzee aliyeketi mwisho kabisa kushoto. Naye pia yuko nusu: ukingo umemkata bega na goti. Kwa nini sikumwondoa? Kwa sababu uso wake umo, na macho yake yanakitazama kikombe kinachojazwa. Mtazamaji akimwona anamkamilisha mwenyewe akilini bila taabu, kisha anafuata macho yake hadi kwenye kahawa. Mtu wa nusu anayefanya kazi ndani ya picha hana sababu ya kufukuzwa. Ninachokiondoa ni kiungo kisichoweza kusomwa kuwa mtu: kiwiko, kisogo, ncha ya ushungi, pua ya kiatu. Na mtu akiwa amekatwa katikati ya uso, jicho moja ndani na moja nje, mimi humwondoa mzima hata ikigharimu nafasi, isipokuwa kama yuko karibu sana na kamera na amekuwa ukungu mkubwa unaofanya kazi ya pazia.

Angalieni pia msije mkaondoa kiungo cha mgeni mkakata cha mwenyeji. Mstari ukilazimika kupita katika mwili wa mhusika, upite katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu, usipite kwenye goti, kifundo cha mguu au kifundo cha mkono, kwa kuwa kukata kwenye maungio humwonyesha mtu kana kwamba amekatika kweli.

Jinsi ya kujua kama pembe zimesafika: kuzeni picha hadi asilimia 100 na mpite kingo zote nne polepole, kisha ipunguzeni hadi iwe ndogo kama stempu na muone kama jicho lenu linakimbilia pembeni. Jambo la tatu ni rangi inayoizunguka picha. Programu nyingi za kuhariri huweka picha juu ya weusi au kijivu kilichokoza, na mkono wa koti jeusi uliobaki ukingoni huyeyuka katika rangi hiyo usionekane. Ukichapishwa kwenye karatasi nyeupe, unatokea kama kipande cha ukingo kilicholiwa na panya. Badilini mazingira hayo yawe meupe kabla ya kumaliza. Na katika Photoshop au GIMP, ondoeni alama kwenye `Delete Cropped Pixels` na mhifadhi faili la programu yenyewe, PSD au XCF, si JPEG, ili mkigundua kesho kwamba mmekata mno, sehemu iliyofichwa irudi.

Upo mpaka ambao kukata hakuuvuki. Kukata huondoa kilichogusa ukingo, na hakuwezi kuondoa kiungo kilichopita nyuma au mbele ya mhusika. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2010, katika shindano la picha za habari la World Press Photo, ambapo mpiga picha Stepan Rudik alinyang'anywa tuzo ya nafasi ya tatu kwa picha zake za mapigano ya mitaani mjini Kyiv. Katika picha moja, inayoonyesha mkono ukifungwa bendeji, alikuwa amekata sehemu kubwa sana ya picha ya awali na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Kilichomponza hakikuwa hayo. Nyuma ya mkono ule ilionekana sehemu ndogo ya mguu wa mtu, ukingo usingeweza kuufikia bila kuuharibu mkono wenyewe, naye akaufuta kwa programu. Kwa picha ya habari tofauti ni hiyo: kukata kunasema nilichagua kuanzia hapa hadi hapa, na kufuta kunasema hapakuwa na kitu mahali palipokuwa na mguu. Kwa picha ya harusi ya familia mtu anaweza kufuta kwa ridhaa ya wenyewe, lakini kwa picha ya mtaani kama hii yangu nisingefuta.

Nilikuwa na picha ya pili, niliyoipiga sekunde chache baadaye, na ndani yake mpita njia alikuwa ameshapita kabisa, ukingo umesafika bila kuguswa. Niliiweka kando. Kikombe kilikuwa kimejaa, dele limeinuliwa, na ule uzi wa kahawa ulikuwa umekatika.