Dali ya balkoni na chuma yenye matope

Bandugu, bamama, bafundi, karibuni. Najua kuna bengine hapa bamenisikia mara mingi na banasema muzee anarudi tena na matope yake. Narudi ndiyo, ju hapa kwetu Bukavu kila mvula ikianza batu banamwanga dali juu ya chuma chafu, na hakuna anayesimama kusema hapana. Dozaji sitaongelea, munaijua. Leo nawaambia habari ya kapita mumoja aliyesimama.

Ilikuwa nyumba ya etaji moja, kule juu kwenye mupando wa Kadutu, pahali kamio haifike. Kwa hiyo feabeto ilishushwa chini kwa barabara, bakailaza pembeni ya rigole. Hakuna mutu aliweka hata mbao mbili chini yake, hakuna bashe juu. Mvula ikanyesha usiku mbili, maji ya mulima yakapita na ule udongo wetu mwekundu unaonata, ukaingia mule kwa lundo yote. Sasa wakati ya kufunga, bafundi banatwaa za juu kwanza, zile ambazo mvula imezisafisha yenyewe. Za chini, zile zililala mu maji, njo banamalizia nazo. Na kwa dali nini inafungwa mwisho? Shapo, zile chuma za juu. Na zile shapo zilikuwa za wapi? Za balkoni! Chuma chafu kuliko zote ilienda pahali pabaya kuliko pote, na hakuna mutu aliyepanga hivyo, ni lundo tu iliyopanga.

Asubuhi ya kumwanga betoniere inazunguka, baedemaso biko kwa mustari, bruweti za kwanza zimeisha kumwangwa kwa kona moja. Kapita anapanda, anapita juu ya kofraji, muguu unateleza kidogo, anashika shapo moja asianguke. Anaangalia mukono: mwekundu. Anachuchumaa, anatia ukucha kati ya meno ya ile chuma na kukwangua. Kikatoka kipande cha udongo kimekauka, na alama za meno ya chuma zimebaki juu yake zote. Akasimama, akapiga kelele: simamisha betoniere!

Patro alikuwa pale. Akasema papa kapita, batu hawa bote nawalipa leo, betoniere nimelocate kwa siku, simenti imefunguliwa, na weye unasimamisha kazi ju ya matope kidogo? Betoni si itaosha?

Hii neno ya "betoni itaosha" mimi imenichosha, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Betoni haioshe kitu. Chuma na betoni ni bintu mbili tofauti, kinachozifanya zivute pamoja ni kushikana tu. Ile maji ya simenti inaingia kati ya meno ya chuma, inakauka mule, kiisha chuma ikitaka kuteleza yale meno yanagonga betoni. Angalia chuma ya milimetre 12: meno yake hayafike hata milimetre moja. Milimetre moja! Udongo ukijaza hiyo nafasi, simenti haipate pa kuingia, na ile chuma uliyolipa bei ya chuma ya meno imekuwa chuma laini, tena imepakwa. Ni kama kuvuta kamba na mikono yenye sabuni. Utatia vibratere? Vibratere inatoa hewa, haitoe udongo uliokauka kwa chuma, na ule utakaolegea unabaki palepale kandokando, unachanganyika na simenti na kuiharibu.

Na sasa fikirini balkoni. Dali ya kati inakaa juu ya kuta pande zote, ikilegea itakuonyesha mapasuko, utapata wakati. Balkoni inakaa juu ya nini? Hewa. Zile shapo za juu njo zinaivuta isiiname, na zinaivuta ju zimeshikwa ndani ya dali huku nyuma. Sheria tunayofuata ni kwamba chuma ya meno ishikwe urefu wa mara 40 ya unene wake, kwa hiyo ya 12 ni sentimetre 48. Na kwa balkoni tunaingiza zaidi, angalau urefu wa balkoni yenyewe. Lakini hiyo 40 imehesabiwa kwa chuma safi! Ukiwa na matope, uko na sentimetre 48 za kuandika kwa karatasi. Siku ile unatoa mbao za chini, ao siku ya ndoa batu kumi bamesimama pale banapiga picha, shapo inateleza na balkoni inaanguka mara moja, haikupigie hodi. Na sisi tunaishi kwa inchi inayotetemeka, 2008 mwezi wa pili bengi hapa muliona.

Kuna mwenye atasema: basi chuma iliyolowana haifai, chuma yenye kutu haifai, tutajenga na nini? Hapana, sikusema hivyo. Maji kwa chuma si shida, na ile kutu nyekundu nyepesi inayobaki kwa kidole haizuie kushikana. Shida ni kutu inayotoka magamba, hiyo unapiga brosi ya chuma mpaka iishe, kiisha unapima kama chuma haijapungua: metre moja ya chuma ya 12 inapaswa kuwa karibu gramu 890. Na shida ingine ni mafuta ya kofraji, na matope. Jaribu na kitambaa cheupe na ukucha, haiombe mashini.

Turudi kwa kapita. Ile betoni ya kona alisema itolewe yote, palepale, mbele haijaanza kushika, na bakaimwanga chini kwa uwanja ikakuwa sakafu ya kufulia. Patro alinuna, lakini simenti haikupotea. Kiisha akafungua tundu mbili kwa mbao ya kofraji upande wa chini wa mupando. Munisikilize hapa, ju bengi banaosha chuma na kusahau hii: matope unayoosha inaanguka chini ya kofraji, na kule chini njo chuma ya chini iko. Usipoipatia njia ya kutoka umehamisha matope tu. Bakamwanga maji kutoka juu kuelekea tundu, bakaacha udongo ulainike, bakapiga brosi shapo moja moja, bakaosha tena mpaka maji ya tundu yatoke meupe. Mbili zilikuwa na magamba mabaya, akazikatalia, zikabadilishwa. Kiisha bakafagia maji yaliyosimama kwa mabonde ya mbao, ju maji hiyo ikibaki inalegeza betoni palepale chini ya chuma, bakafunga tundu. Giza ikaingia. Bakamwanga kesho yake.

Nilitaka kuwaambia pia habari ya zile kale zinazoinua chuma juu ya mbao, ju wakati banaosha alikuta zingine zimepasuka na chuma imelala kwa mbao, na ya bruweti kupita juu ya shapo na kuzikandamiza chini, hiyo nayo inaua balkoni hata chuma ikiwa safi, muweke mbao za kupitia. Kumwangilia maji tutaona siku ingine, naona banatuomba sale.

Mwenye kuwa na shantiye sasa na chuma yake iko inje, leo mukirudi muinyanyue juu ya mbao na muifunike. Na mwenye amekuja na kipande alete hapa mbele, tukikwangue pamoja.