Mtoto anasema «sijambo» kabla ya kuijua «si-»

Shikamooni wazee, na wenzangu hamjambo. Jioni hii naomba tumsikilize mtoto wa karibu miaka miwili.

Mgeni anamwuliza, «Hujambo?» Anajibu, «Sijambo.» Safi kabisa, bila kusita. Dakika moja baadaye anataka maji, anasema, «Maji taka.» Ile «nina-» imekwenda wapi? Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba mwanzoni watoto mara nyingi huacha kiambishi cha nafsi, kama «ni-», au cha njeo, yaani cha wakati, kama «-na-», au vyote viwili. Sasa mtoto huyohuyo anawezaje kutamka «sijambo», yenye nafsi na ukanushi ndani yake?

Ni kwa sababu kwake haina kitu ndani. Ameibeba nzima. Ameisikia kila siku, mlangoni, kwa lafudhi ileile, na mama yuko nyuma yake: «Mwamkie shangazi! Sema sijambo.» Hahitaji kuchagua neno wala kupanga sentensi, mgeni akinyamaza tu, zamu yake imefika. Ni mazungumzo machache yanayomrahisishia mtoto kazi kiasi hicho.

Utajuaje kuwa ameibeba nzima? Mpeleke penye watu. Waulize yeye na dada yake, «Hamjambo?» Akijibu «Sijambo» kwa niaba ya wote wawili, bado hajaifungua. Akiulizwa, «Baba hajambo?» akajibu «Sijambo», ni vilevile. Msimcheke: ametambua kwamba ni salamu na kwamba inadai jibu.

Kufunguka kunakuja taratibu, na hapa ndipo salamu inapomlipa. Hujambo, sijambo, hajambo, hatujambo: mkia haubadiliki, kichwa ndicho kinachobadilika, na kila kichwa kina mtu wake aliyesimama pale mbele ya mtoto. Upande mwingine wa nyumba anasikia hutaki, sitaki, hataki. Vichwa ni vilevile! Siku atakayosema mwenyewe «Baba hajambo», jibu ambalo hakuna aliyemnong'oneza, mjue kipande kimeanza kung'oka. Sisemi salamu peke yake ndiyo imemfundisha. Wataalamu bado wanabishana ni sarufi kiasi gani hutokana na vifungu hivi vya kukariri. Lakini malighafi anayo tayari mdomoni.

Tena si kila kifungu hufunguka. «Shikamoo» mtoto huijua mapema pia, na mtu mzima huisema hadi uzeeni bila kufikiria «shika» iliyomo. Haina ndugu wa kuilinganisha nao: hakuna ya jana, hakuna ya kesho, na jibu lake, «marahaba», halifanani nayo hata kidogo. Inapoachia ni mwishoni tu. Mtoto aliyezoea «njooni» na «karibuni» akikuta wazee watatu barazani, husema «shikamooni», kama nilivyowaambia ninyi nilipoingia.