Kuipandisha waifai ghorofani: ekstenda, pawalaini au meshi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila muuza vifaa vya mtandao huulizwa: nyumba ina ghorofa moja juu, intaneti chini ni nzuri, juu inakwamakwama, ninunue nini? Nitatumia nyumba moja ya Mbezi, Dar es Salaam, niliyoitwa kuitazama, kwa sababu ina kila tatizo ambalo wengi wenu mnalo.

Nyumba ile ni ya tofali za saruji, na kati ya chini na juu kuna slabu ya zege yenye nondo. Faiba imeingilia sebuleni, na fundi aliyeifunga aliliweka boksi lake, ambalo ndilo ruta ya nyumba, kwenye kona ya mbele, nyuma ya televisheni, kwa kuwa ndipo waya ulipofikia kwa urahisi. Kifurushi ni cha megabiti 50 kwa sekunde. Juu kuna vyumba vitatu, na kile cha nyuma ndicho anachofanyia kazi baba mwenye nyumba. Simu za video zilikuwa zikimkatikia kila asubuhi.

Kabla ya kutaja kifaa chochote, tulipima. Kwenye simu ya Android pakueni programu yoyote ya kupima waifai, itawaonesha namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -60 dBm. Namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni moja ya kumi tu ya ile ya kwanza. Kwa kazi ya simu ya video mimi hutaka isishuke chini ya -67. Ikifika -80, simu bado inaweza kuonesha kwamba imeunganishwa, lakini kazi haifanyiki.

Mbele ya boksi tulipata -38. Chini ya ngazi -52. Pale ngazi zinapopinda -60. Kwenye korido ya juu -68. Chumba cha nyuma -81, na kasi megabiti 3. Ukizifuata namba hizo utaona mawimbi yalikuwa yakipanda kwa njia ya ngazi, si kwa kupenya slabu. Zege lenye nondo hula mawimbi vibaya sana, hasa yale ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo na majirani wote wamejazana humo.

Tulifanya pia kipimo kingine. Ukiwa na kompyuta chumba cha juu, andika hivi, ukiweka anwani ya ruta yako:

```
ping 192.168.1.1
```

Hapo hujauliza intaneti, umeuliza ruta iliyo ndani ya nyumba yako. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache bila kupotea, na bado intaneti inasumbua, kwa kawaida tatizo liko kwa kampuni ya faiba, na hakuna kifaa cha kununua kitakacholitibu. Pale Mbezi majibu yalipotea, na yaliyorudi yaliruka kutoka milisekunde 8 hadi 400. Basi tukajua kwamba tatizo ni safari ya kutoka chini kwenda juu. Vifaa vyote vitatu tunavyobishania leo vinatofautiana hasa katika jambo hilo moja: vinaivusha vipi intaneti kati ya chini na juu.

Ekstenda huivusha kwa hewa. Inasikia waifai ya ruta, kisha inairudia. Ekstenda ya bei ya chini ina redio moja tu kwa kazi zote mbili, na redio haiwezi kusikia na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Ni kama mtu mmoja anayepokea ndoo na kuipeleka mwenyewe: kila ndoo ni safari mbili. Kasi hupungua nusu, mara nyingi zaidi ya nusu.

Lakini kosa linaloua ekstenda nyingi ni mahali inapowekwa. Mtu ananunua, anaichomeka chumba cha nyuma, palepale mawimbi yalipokufa. Simu inaonesha vijistari vyote, anafurahi, kisha ukurasa haufunguki. Vile vijistari vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ekstenda, havisemi lolote kuhusu ekstenda na ruta. Ekstenda iliyokaa kwenye -81 inarudia kile kidogo tu inachokipata kwenye -81. Mahali pake ni pale ambapo simu bado inasoma karibu na -60, na pale Mbezi hapo ni kwenye ngazi zinapopinda, ambapo hakuna soketi. Soketi ya karibu ni ya korido ya juu, kwenye -68. Kama tatizo lako ni kifaa kimoja, tuseme televisheni ya chumbani, na unayo soketi mahali panapofaa, ekstenda yenye redio mbili inatosha na hela yako itabaki. Kwa mtu anayeishi kwa simu za video, sikuipendekeza.

Pawalaini huivusha kwa nyaya za umeme. Adapta moja unaichomeka karibu na ruta na kuiunganisha kwa kebo fupi, ya pili unaichomeka juu, unabonyeza vitufe zinafahamiana. Wazo ni zuri, kwa kuwa waya wa shaba umeshapita ndani ya zege. Ndugu zetu walioko Uingereza huzisifu, na wana haki: nyumba nyingi kule zina fezi moja na ubao mmoja wa breka. Tatizo linaanza tunapoyachukua maoni yao jinsi yalivyo na kuyaleta kwenye nyumba zetu.

Nyumba ile ya Mbezi ina umeme wa fezi tatu. Fundi aligawa vizuri tu: soketi za chini fezi moja, za juu fezi nyingine, viyoyozi na pampu fezi ya tatu. Kwa umeme huo ni mgawanyo mzuri, kwa pawalaini ni balaa, maana ishara inatakiwa kuruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine ambao haujaunganishwa nao. Huwa inavuja kidogo na kufika, lakini imedhoofika. Tulipata megabiti 11 juu, na pampu ya maji ilipowaka mawasiliano yalikatika kabisa hadi ilipozima. Kwenye kasha la adapta ilikuwa imeandikwa 1000. Namba hiyo ni jumla ya kinadharia ya kwenye waya, msiinunue kama ahadi. Hata kwenye nyumba nzuri, kupata megabiti 100 za kweli ni kufanikiwa.

Kama una fezi moja, ijaribu kwa makini. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Ukiichomeka kwenye ekstensheni, hasa yenye kinga ya umeme mkubwa, kinga hiyo inachuja ishara kana kwamba ni uchafu. Chaja za bei rahisi kwenye soketi ya jirani nazo huchafua waya, zing'oe moja moja utazame kama kasi inapanda. Na kama ghorofa ya juu ina mita yake ya LUKU, kwa sababu mlijenga mkapangisha, usitoe hela kabla hujakubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikishindikana.

Sasa meshi, ambayo ndiyo inayotangazwa zaidi. Nataka nilieleze jambo hili taratibu kwa sababu ni la gharama kubwa. Meshi ni ruta mbili au tatu zinazofanya kazi kama mtandao mmoja wenye jina moja. Ukipanda ngazi huku unaongea, simu inahamishwa kutoka kifaa cha chini kwenda cha juu bila wewe kugusa kitu, wakati kwa ekstenda simu mara nyingi inang'ang'ania ya chini hadi ife. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini meshi ya bei ya kati, yenye bendi mbili, yaani ile ya gigahezi 2.4 na ile ya 5, inavusha intaneti kwa hewa ileile na kwa redio ileile inayohudumia simu zenu. Nusu inapotea vilevile. Yenye bendi tatu inatenga redio moja kwa ajili ya mazungumzo ya vifaa vyenyewe, ndiyo maana bei yake inapanda. Hakuna meshi inayolifanya zege kuwa jepesi.

Kwa hiyo mahali pa kuziweka ni muhimu kuliko chapa. Pale Mbezi kifaa cha kwanza hatukukiacha nyuma ya televisheni. Tulivuta kebo kutoka boksi la faiba hadi chini ya ngazi, tukakiweka hapo, cha pili kikakaa korido ya juu, viwili vikionana kupitia uwazi wa ngazi. Chumba cha nyuma kikasoma -59 na kasi ikawa megabiti 24. Tukazima waifai ya boksi la faiba, na meshi tukaiweka kwenye hali ya akses pointi, ili ugawaji wa anwani ubaki kwa boksi peke yake. Usipofanya hivyo unapata mitandao miwili ndani ya nyumba: kompyuta ina anwani ya 192.168.0, printa ina ya 192.168.1, na hazionani.

Megabiti 24 zilitosha. Lakini nilimwambia mwenye nyumba ninalowaambia na ninyi: vifaa karibu vyote vya meshi vina tundu la kebo, na ukivusha kwa kebo hasara ile yote inaondoka. Fundi alipitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, ukuta wa nje, kutoka sebuleni hadi korido ya juu. Chumba cha nyuma kikapata megabiti 46 kati ya 50, na pampu iwake isiwake.

Mkinunua kebo hiyo, msitosheke na maandishi ya Cat6 ubavuni. Chukueni kisu, kwangueni uzi mmoja. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hukatika ikikunjwa na kuleta mawasiliano ya kuparaza. Shaba safi ni nyekundu hadi katikati. Kwa ukuta wa nje chagueni yenye ganda jeusi linalohimili jua, na msiipitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme.

Kuna dada ameuliza hapa mbele kuhusu umeme kukatika. Wengi mmeweka betri ndogo kwenye boksi la faiba mkadhani mmemaliza. Kifaa cha juu nacho kinahitaji umeme, iwe ekstenda au meshi, kwa hiyo kihesabieni betri yake. Pawalaini inabaki hai pale tu inveta inapolisha soketi zote mbili. Kama inalisha taa na sebule peke yake, juu hamtapata kitu. Kwa anayejenga sasa, mwambieni fundi umeme atenge bomba tupu moja kutoka sebuleni hadi korido ya juu kabla slabu haijamwagwa.